Sera ya Nani, Sera Gani

Kijana wa Umoja anayefanya kazi katika ghala moja la Industrial Area, akimwandikia mwenzake wa Kayole ujumbe kwenye simu, huenda akaandika hivi: "Policy ya company inasema tupewe off siku mbili." Mwenzake anaelewa papo hapo. Jioni hiyo hiyo kijana anafungua barua pepe amwandikie meneja wake kuhusu zile siku mbili, naye anaanza: "The policy of company says..." Meneja naye anaelewa, lakini anaona kosa kabla hajaona ombi.

Tazama kilichobadilika kati ya ujumbe na barua. Maneno mawili mazito, "policy" na "company", yalikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo, na mpangilio wake haukuguswa. Kati ya maneno hayo mawili kilichotolewa ni kijineno "ya", mahali pake pakawekwa "of", na mbele pakaongezwa "the". Mwandishi anaamini ametafsiri, kwa kuwa kila neno katika sentensi sasa linapatikana kwenye kamusi ya Kiingereza. Hata simu yake inakubaliana naye. Kikagua tahajia huangalia neno mojamoja, na hapa hakuna neno lililoandikwa vibaya, kwa hiyo mstari mwekundu hautokei.

Ndiyo maana kosa hili limeshamiri sana katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Dandora na Komarock, kuliko mtu angetarajia kwa watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Wenyeji wa mitaa hii hawakosi msamiati wa Kiingereza. Wanao mwingi, na wanautumia kutwa kucha ndani ya sentensi za Kiswahili na Sheng. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alirekodi mazungumzo ya namna hii Nairobi, na katika kitabu chake cha 1993, Duelling Languages, alieleza kwamba watu wanapochanganya lugha mbili, mara nyingi lugha moja ndiyo inayotoa kiunzi cha sentensi, na nyingine inaleta maneno ya kujaza. Katika "policy ya company" kiunzi ni cha Kiswahili. Nomino zote mbili ni za kuletwa, lakini anayeziunganisha ni "ya", na "ya" inafuata sheria za Kiswahili.

Kuna jambo la pili linalofanya Nairobi iwe mahali pa pekee katika habari hii. Mtu wa Lamu au Unguja anapotumia a-unganifu hulazimika kuibadilisha kila mara kufuata ngeli: mshahara wa, cheti cha, gari la, vyeti vya, funguo za, mahali pa. Kijineno hicho kinamkumbusha siku zote kwamba ana kazi ya kisarufi ya kufanya. Nomino za Kiingereza zinapoingia Kiswahili, nyingi huangukia ngeli ya I-ZI, na Nairobi imekwenda mbali zaidi ikavuta hata nomino za Kiswahili huko: gari ya, jina ya, wakati mwingine hata mshahara ya. Maumbo yote yale yakasinyaa yakabaki takriban umbo moja. Na umbo likishakuwa moja, ni rahisi kuliona kuwa sawa kabisa na "of", ambayo nayo haibadiliki. "Ya" ni "of", basi. Mwanafunzi hajafundishwa usawa huo na mtu yeyote. Ameuokota mtaani, na kwa muda mrefu umemfaa.

Sasa tuangalie kosa lenyewe liko wapi. Wengi wakisahihishwa huambiwa kwamba "of" ni mbaya na kwamba waandike "company's policy". Ushauri huo hauonyeshi chanzo. Hakuna ubaya wowote katika "the policy of the company". Ni Kiingereza sahihi, ingawa ni kizito kidogo. Kilichokosekana katika "the policy of company" ni "the" ya pili, ile inayopaswa kutangulia "company".

Kiswahili hakina vijineno "a" na "the". Tukisema "kampuni", msikilizaji anajua kutokana na muktadha kama ni kampuni fulani, kampuni yoyote, au hii yetu. Kiingereza hakikubali kuuachia muktadha kazi hiyo. Nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiwezi kusimama peke yake katika sentensi ya kawaida. Lazima itanguliwe na kitu: "a", "the", "my", "this", "every". "Company" inahesabika, tunasema kampuni moja, kampuni mbili. Ikiwa uchi namna ile baada ya "of", sikio la mzoefu linasikia pengo.

Hapo mwanafunzi makini atauliza swali zuri. Mbona vyeti vyenyewe vya serikali vimeandikwa bila "the"? Kila anayetafuta kazi Nairobi amewahi kuhangaikia "Certificate of Good Conduct". Kila fomu ina "date of birth". Kila mwenye nyumba anadai "proof of payment". Hakuna "the" baada ya "of" katika hizo zote, na ni sahihi.

Jibu ni kwamba "conduct", "birth" na "payment" katika matumizi hayo hazihesabiki. Mwenendo, kuzaliwa na malipo yametajwa hapo kama mambo kwa jumla, hakuna anayeuliza ni kuzaliwa kupi kati ya kuzaliwa kwingi. Nomino ya aina hiyo inaruhusiwa kusimama bila kijineno. Kwa hiyo "proof of payment" ni sahihi lakini "policy of company" si sahihi, ingawa kwa macho zinafanana kama mapacha. Tofauti iko katika nomino ya mwisho, na jaribio ni fupi: weka "one" mbele yake katika maana ileile iliyokusudiwa. "One company" inakubalika kwa urahisi, kwa hiyo kijineno kinahitajika. "One conduct" haikubaliki, kwa hiyo unaweza kuendelea bila kijineno.

Fomu zenyewe zinatatiza zaidi. Juu ya mistari ya kujazwa huchapwa "Name of Applicant", "Signature of Parent", "Address of Employer". Hapa "applicant" na "employer" zinahesabika, na bado hazina "the". Hizi ni lebo. Lebo, vichwa vya habari na mabango hukatwa vijineno ili nafasi itoshe, na kila msomaji wa Kiingereza anajua kwamba vimekatwa. Lakini mtu aliyekutana na Kiingereza cha ofisi kupitia fomu kwanza, zile za shule, za mkopo na za saiba, ameona lebo nyingi kuliko aya. Akija kuandika aya, anaandika kwa mtindo wa lebo: "I have attached the signature of parent." Naona chanzo hiki hakitajwi vya kutosha darasani. Mwanafunzi anadhaniwa hajui Kiingereza, kumbe amekisoma kwa uangalifu mkubwa katika karatasi zilizokuwa mbele yake.

Sasa ritifaa. Kialama hiki tunakijua tangu darasa la kwanza kutoka "ng'ombe" na "ng'ambo", lakini katika Kiingereza kina kazi nyingine kabisa. "The company's policy" inampeleka mwenye mali mbele na mali nyuma, kinyume cha "sera ya kampuni". Kugeuza mpangilio si kazi ngumu, watu wengi hulijua hilo. Ugumu uko katika "the". Hesabu vijineno: "the policy of the company" ina "the" mbili, na "the company's policy" ina moja tu. Nyingine imekwenda wapi?

Imefutwa, na iliyobaki ni ile ya "company". "The" katika "the company's policy" inamhusu mwenye mali, haihusu mali. Ushahidi unaonekana mwenye mali akiwa mtu mwenye jina. "The payslip of Wanjiru" inakuwa "Wanjiru's payslip", bila "the" yoyote, kwa sababu jina la mtu halihitaji. Anayeandika "the Wanjiru's payslip" amedhani "the" ni ya payslip. Neno lenye ritifaa limekalia kiti ambacho "the" ya payslip ingekalia, na kiti hicho ni cha mtu mmoja. Ndicho kiti cha "my" na "their" pia. Hakuna mtu wa Buruburu anayeandika "the my payslip". Basi ukiwa na shaka, ondoa maneno yote ya mwenye mali pamoja na ritifaa, weka "their" au "her" mahali pake, usome. "Their policy" imekaa sawa, kwa hiyo "the company's policy" nayo imekaa sawa.

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba ritifaa ni ya watu na wanyama, na "of" ni ya vitu. Sheria hiyo inasaidia mwanzoni, lakini inamwacha mwandishi wa barua pepe njiani. Kampuni si mtu, na "the company's policy" ndiyo inayotumika zaidi. Nchi, mji, kamati, benki na shule, kwa kuwa ni mikusanyiko ya watu inayoamua mambo, huchukua ritifaa bila tatizo. Wakati pia huichukua: "today's meeting", "last week's report", "one month's notice". Mwenye nyumba wa Donholm anayedai "two months' deposit" anaandika Kiingereza safi, ingawa mwezi hauna pumzi.

Jaribio ninalolipendelea kwa wasomaji wa Kiswahili haliko katika Kiingereza hata kidogo. Liko katika maswali yetu mawili: ya nani, na gani. Kabla hujaandika, jiulize a-unganifu yako inajibu swali lipi.

"Sera ya nani?" Ya kampuni. Kuna mwenye nayo, unaweza kumwonyesha kidole. Tumia ritifaa: "the company's policy". "Barua gani?" Ya kujiuzulu. Kujiuzulu hakumiliki barua, kunaieleza tu ni ya aina gani. Hapo ritifaa haifai. Kiingereza kinatumia nomino mbili zilizopangwa pamoja, "resignation letter", au "of" bila kijineno, "letter of resignation". Ukiandika "resignation's letter" umeifanya kujiuzulu iwe mtu mwenye barua yake.

Yapo maneno yanayojibu maswali yote mawili, na hapo maana zinaachana. "Laptopu ya nani?" Ya kampuni: "the company's laptop", yaani si yako, ukiondoka irudi. "Laptopu gani?" Ya kampuni: "the company laptop", yaani ile ya kazini, si ile unayotazamia filamu nyumbani. "Sera" nayo ni hivyo. "The company's policy on leave" ni sera ya kampuni fulani kuhusu jambo fulani. "Company policy", bila "the", ni taratibu za kampuni kwa jumla, na ndiyo inayokaa vizuri zaidi baada ya "as per" au "it is". Kiswahili kina "sera ya kampuni" kwa zote hizo, na hakihitaji zaidi.

Tuchukue barua nzima. Tuseme mfanyakazi wa ghala anayeishi Kayole anaacha kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, na kampuni nyingi husema tu mwezi mmoja. Anaandika:

> Dear Madam,
> As per the policy of company, I am giving notice of one month. Attached is my letter of resignation. I have returned the laptop of company and the key of store to the office of supervisor. Kindly send me the salary of October and the name of officer who will sign the form of clearance.

A-unganifu imetafsiriwa kuwa "of" mara tisa katika mistari minne. Zote tisa zilikuwa sahihi katika Kiswahili kilichokuwa kichwani: sera ya kampuni, notisi ya mwezi mmoja, barua ya kujiuzulu, laptopu ya kampuni, ufunguo wa stoo, ofisi ya msimamizi, mshahara wa Oktoba, jina la afisa, fomu ya kliaransi. Katika Kiingereza zinakwenda njia tofauti tofauti, na ndipo ugumu ulipo.

Ya kwanza tumekwisha kuiona. Baada ya "as per", andika "company policy".

"Notice of one month" si kosa la kisarufi, lakini haisikiki ofisini. Kipimo cha muda kinachukua ritifaa: "one month's notice".

"My letter of resignation" iachwe ilivyo. Nasisitiza hili kwa sababu aliyekwisha kuonywa kuhusu "of" huanza kuziwinda zote na kuharibu zilizokuwa nzima. Katika barua hii "of" moja ilikuwa imekaa mahali pake kikamilifu, na mwandishi aliiandika kwa silika ileile iliyomkosesha nane nyingine.

"The laptop of company" iwe "the company laptop", kwa kuwa anaeleza ni ipi aliyorudisha.

"The key of store" inatufungulia jambo kubwa kidogo. A-unganifu ya Kiswahili haifungamani na umilikaji. Inabeba kusudi, asili, mahali, na uhusiano wa kitu na kitu. Ufunguo wa stoo haumilikiwi na stoo, unaifungua. Kiingereza kinautaja uhusiano huo kwa kijineno kingine: "the key to the store". Ndivyo ilivyo pia kwa jibu la swali, "the answer to the question", sababu ya kuchelewa, "the reason for the delay", na dawa ya malaria, "medicine for malaria". Kwa ufunguo kuna njia fupi pia, kwa kuwa unajibu "gani": "the store key". Mwandishi wetu achague hiyo.

"The office of supervisor" inajibu "ya nani", na mwenyewe ni mtu anayejulikana. "My supervisor's office." Angeongeza tu "the" akaandika "the office of the supervisor", sarufi ingekuwa sawa, lakini sauti ingekuwa ya wadhifa mkubwa, kama tunavyosema "the Office of the President". Yeye anataja chumba alichoacha laptopu.

"The salary of October" iwe "my October salary". Oktoba haina mshahara, inaeleza ni upi. Tena hapa "my" ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Kiingereza kinapenda kutaja mwenye kitu hata pale Kiswahili kinapoona ni dhahiri.

"The name of officer who will sign" inahitaji "the" peke yake: "the name of the officer who will sign". Hapa "of" lazima ibaki, na nitaeleza sababu baadaye kidogo.

Ya mwisho ndiyo ya hatari. "The form of clearance" ni Kiingereza kinachoeleweka, ila maana yake ni aina au namna ya kliaransi. "Form of" katika Kiingereza ni "aina ya". Msomaji anaweza kudhani unauliza kuna kliaransi za namna gani. Karatasi yenyewe ni "the clearance form".

Barua inasimama hivi:

> Dear Madam,
> As per company policy, I am giving one month's notice. Attached is my letter of resignation. I have returned the company laptop and the store key to my supervisor's office. Kindly send me my October salary and the name of the officer who will sign the clearance form.

Imepungua urefu, na "of" zilizobaki ni mbili. Yeyote atakayeisoma atafika kwenye mshahara wa Oktoba bila kukwama.

Ritifaa yenyewe ina mahali pake pa kukaa, na kuikosea kunaweza kugusa pesa. Chukua ploti ya Umoja yenye vyumba 20 na mita moja ya maji ambayo wapangaji wote wanachangia bili yake. Keateka akimwandikia mwenye nyumba "the tenant's meter", amesema mita ya mpangaji mmoja. Akiandika "the tenants' meter", amesema mita ya wapangaji wote. Ritifaa ikikaa kabla ya s, mwenye mali ni mmoja. Ikikaa baada ya s ya wingi, ni wengi. Yaani uandike kwanza neno kamili la mwenye mali, "tenant" au "tenants", ndipo uongeze alama. Wingi usioishia kwa s, kama "children", unaongezewa 's kama kawaida: "the children's fees". Wanaoandika upesi kwenye simu huiacha alama kabisa wakaandika "the companies policy". Kikagua tahajia kinalikubali kwa sababu "companies" ni neno halali, lakini maana yake ni kampuni nyingi. Na pale mwenye mali anapokuwa "it", hakuna alama: "the company and its policy". "It's" ni kifupi cha "it is". "His" na "hers" nazo hazina, na hazijawahi kumsumbua mtu.

Nilisema nitarudi kwa "the name of the officer who will sign". Mwenye jina hapa hatajwi kwa neno moja, anatajwa kwa maelezo marefu, afisa atakayetia sahihi fomu. Ritifaa hukaa mwishoni mwa maelezo yote ya mwenye mali, kwa hiyo ungelazimika kuandika "the officer who will sign the clearance form's name", na msomaji angefikiri fomu ndiyo yenye jina. Mwenye mali akiwa mfupi, mtangulize kwa ritifaa. Akiwa mrefu, mweke nyuma kwa "of", ajinyooshe atakavyo hadi mwisho wa sentensi. Hapa mpangilio wa Kiingereza unakutana na wa Kiswahili, na mzungumzaji wetu anaweza kufuata silika yake bila hofu, mradi asisahau "the".

Swali la urefu linakuwa zito minyororo inapoanza. Kiswahili kinavumilia minyororo: "namba ya simu ya dada ya mwenye nyumba ya ploti yetu" inasemwa kibandani bila mtu kupoteza pumzi. Ukiitafsiri kijineno kwa kijineno unapata "of" nne zinazofuatana. Ukiigeuza yote kwa ritifaa unapata "our plot's landlord's sister's phone number", ambayo inamlazimu msomaji aanze upya kila akifika kwenye s. Waandishi wazoefu huchanganya. Namba inajibu "gani", kwa hiyo "phone number" ni nomino mbili pamoja. Dada ana mwenyewe, mtu mmoja, mfupi: "our landlord's sister". Kisha "of" moja inaunganisha pande mbili: "the phone number of our landlord's sister". Ploti imeachwa, kwa kuwa "our landlord" tayari ni wa ploti yetu.

Tuseme sasa wapangaji wa ile ploti ya Umoja wamepatana kuandika barua pepe moja. Mita imeharibika tena, na wanamtaka fundi aliyeitengeneza mara ya kwanza. Mmoja anasema kwa sauti, "Atupe namba ya fundi wa maji aliyerekebisha mita ya wapangaji," na mwenzake mwenye simu anaanza kuandika. Namba gani? Ya simu, kwa hiyo "phone number". Ya nani? Ya fundi, lakini fundi huyu ana maelezo marefu, kwa hiyo anakwenda nyuma kwa "of", akiwa na "the" yake. Mita ya nani? Ya wapangaji, na ni wote, kwa hiyo ritifaa inakaa baada ya s.

> Kindly give us the phone number of the plumber who repaired the tenants' meter.